Kuagiza Picha ya Kahawa ya Julai

Julai ikifika Nairobi, baridi hubana na mikahawa hubadilisha menyu: vinywaji vya barafu vinawekwa kando, kahawa ya maziwa yenye tangawizi na mdalasini inatangulia. Mwenye mkahawa asiye na mpigapicha anaweza kuitengeneza picha ya menyu kwa programu ya akili mnemba. Lakini akiandika tu "kahawa ya msimu wa baridi", huenda akaletewa theluji na matawi ya misonobari, maana picha nyingi za namna hiyo mtandaoni ni za nchi za theluji. Afadhali aeleze kila kitu:

"Kikombe kimoja cha udongo, rangi ya hudhurungi, kimejaa kahawa ya maziwa, povu jeupe limenyunyiziwa mdalasini. Meza ya mbao. Nyuma kidogo, upande wa kulia, kipande cha tangawizi na vijiti viwili vya mdalasini. Mwanga laini wa jua la jioni kutoka dirisha la kushoto. Kamera juu kidogo ya usawa wa kikombe, lenzi ya 50mm, f/2.8. Ukingo wa mbele wa kikombe na povu vionekane wazi kabisa. Viti vya nyuma vififie. Sehemu ya juu ibaki tupu. Pasiwe na maandishi."

Wengi hukosea kwenye huo ukungu wa nyuma. Huomba mandhari ififie, na papo hapo huomba picha ipigwe kutoka juu kabisa. Hayo mawili hayapatani. Ukitazama meza kutoka juu, kikombe, tangawizi na mbao viko karibu umbali mmoja na lenzi, kwa hiyo hakuna cha kufifia. Kamera lazima ishuke, ili viti viwe mbali kweli na kikombe. Namba za lenzi nazo programu huzichukua kama dokezo tu. Kinachosaidia zaidi ni kutaja kipi kiwe wazi na kipi kififie.

Joto la rangi nalo lina mtego. Ukisisitiza sana dhahabu na chungwa, hata povu hugeuka njano, na maziwa ya njano hayamvutii mtu. Ndiyo maana neno "jeupe" limo: joto libaki kwenye mwanga na mbao.

Mapambo yasizidi mawili. Ukiongeza karafuu, iliki, kitambaa na kitabu, jicho halijui litue wapi. (Buni za kahawa zilizomwagwa mezani, kwa maoni yangu, zimechosha.) Jina la kinywaji na bei viongezwe baadaye kwa programu ya usanifu, kwani herufi zinazochorwa pamoja na picha wakati mwingine huharibika.

Kabla ya kuchapisha, ikuze picha na uangalie mkono wa kikombe: umeshikana pande zote mbili? Kijiti cha mdalasini hakijazama ndani ya mbao? Kisha linganisha na kinachouzwa. Kama mkahawa hutumia glasi, usiagize kikombe cha udongo. Programu nyingi hukuruhusu kupakia picha ya simu ya glasi yako yenyewe, nayo ikajengea mandhari juu yake.