Herufi W kwenye simu na pesa za mbolea

Mwalimu, picha uliyonitumia nimeitazama kwa makini. Bei ya hisa inashuka, inainuka kidogo, inashuka tena hadi karibu pale pale, kisha inapanda mara ya pili, na mtu ameipitishia mstari mwekundu ili tuone herufi W. Chini yake ameandika kwamba hisa iko tayari kuruka na kwamba atakayechelewa atanunua ghali. Unauliza kama uingize zile shilingi 60,000 ulizobaki nazo baada ya kuuza mahindi. Kwa picha hiyo peke yake, jibu langu ni hapana. Nitakueleza sababu kwa kirefu, maana wiki ijayo utaletewa picha nyingine yenye umbo jingine, nami nataka uweze kuipima mwenyewe hapo Endebess bila kunisubiri.

Wanaofuata W wana hoja yao, na si ya kijinga. Wanasema bei ikigusa kiwango kimoja cha chini mara mbili na kukataa kukivuka, basi waliotaka kuuza wamekwisha kuuza. Ikipanda tena hadi kwenye kile kilele cha katikati ya herufi na kukipita, wanunuzi ndio wenye nguvu. Kisha wanapima umbali kutoka chini hadi kwenye kilele hicho, wanauongeza juu, na kusema bei itafika hapo. Tuseme hisa iligusa shilingi 5.20 mara mbili na kilele cha katikati kilikuwa 6.00. Umbali ni senti 80, kwa hiyo wanatarajia 6.80. Huo ndio utabiri wote uliomo kwenye picha yako.

Wewe mwenyewe unaijua bei yenye umbo linalojirudia. Tangu Oktoba hadi Desemba mahindi yanavunwa Trans Nzoia nzima, kila mtu ana magunia na ana karo ya Januari mbele yake, na bei inashuka. Kufikia Mei na Juni maghala yamepungua, shamba bado lina mahindi mabichi, na bei inapanda. Ukichora miaka kumi ya bei hiyo utaona bonde na kilima, bonde na kilima. Lakini wewe huhifadhi magunia yako kwa sababu ya mchoro. Unahifadhi kwa sababu unajua kinachoisukuma bei: mavuno, ghala na njaa. Tena, kwa kuwa unaijua sababu, unajua pia lini mchoro utakuangusha. Mahindi ya Uganda yakiingia kwa wingi kupitia Suam, kilima kinakuwa kifupi. Mwaka 2017 serikali iliruhusu mahindi ya nje yaingie bila ushuru na unga wa ruzuku ukauzwa shilingi 90 kwa pakiti ya kilo mbili. Aliyekuwa akisoma mchoro wa miaka iliyopita tu hakuwa na njia ya kuliona hilo likija. Sasa rudi kwenye W yako na uulize: ni nini kilichobadilika katika kampuni hiyo hata bei ipande? Aliyekutumia picha hajasema neno.

Umbo lenyewe, bila sababu, hujitokeza hata pale ambapo hakuna soko. Mwaka 1959 Harry Roberts wa Chuo Kikuu cha Chicago alichukua nambari za kubahatisha, akazijumlisha moja baada ya nyingine na kuzichora. Zilitoka kama chati ya hisa, pamoja na lile umbo ambalo wachoraji huliita kichwa na mabega. Unaweza kulifanya jambo hili darasani kwako. Anza na 6.00 ubaoni, mwanafunzi arushe sarafu mara mia, upande mmoja uongeze senti kumi na mwingine upunguze senti kumi. Mchoro utakaopatikana una uwezekano mkubwa wa kuwa na W, pengine zaidi ya moja, na watoto watakuonyesha zilipo. Ukirusha sarafu mara ya mia na moja, W hiyo haitakuambia lolote.

Sisemi kwamba maumbo yote ni upuuzi. Mwaka 2000 Andrew Lo na wenzake wawili walichapisha utafiti uliotumia kompyuta kutafuta maumbo ya aina hii katika hisa za Marekani za kuanzia 1962 hadi 1996, wakakuta kwamba baadhi yake yana habari fulani ndani yake. Wao wenyewe waliweka wazi kwamba kuwa na habari si sawa na kuleta faida kwa anayenunua na kuuza. Kuna jambo jingine ambalo watu hulisahau: kompyuta yao ilihesabu maumbo yote, yaliyofaulu na yaliyofeli. Kwenye kikundi cha simu huoni W zilizofeli. Mtu anachagua hisa moja kati ya makumi yaliyoko Nairobi, anachagua kipindi kinachompendeza, anakata picha mahali panapomfaa, na ukimwuliza ametabiri mara ngapi na amepata mara ngapi, hana daftari.

Kuna tatizo la soko letu ambalo vitabu vya Marekani havilitaji. Katika Soko la Hisa la Nairobi, sehemu kubwa ya biashara ya kila siku iko kwenye kampuni chache kubwa, kama Safaricom na mabenki. Hisa nyingi zilizobaki huuzwa kidogo sana, na nyingine hupitisha siku nzima bila mnunuzi wala muuzaji kukutana. Bei ya kufungia siku ni wastani wa bei zilizopatana siku hiyo, ukizingatia wingi wa hisa katika kila mauzo. Kwa hiyo siku ambayo hisa mia tatu tu zilibadilisha mikono, zenye thamani ya chini ya shilingi 2,000, inachora nukta yenye ukubwa sawa na siku ambayo zilibadilika hisa milioni moja. Mguu wa pili wa W yako huenda uliumbwa na mtu mmoja aliyehitaji pesa za hospitali. Ndiyo maana chati kamili huwa na nguzo ndogo chini yake zinazoonyesha wingi wa hisa zilizouzwa kila siku. Kwenye picha yako nguzo hizo zimekatwa. Omba hizo kwanza.

Hebu sasa tufanye hesabu ya shilingi 60,000. Kwa bei ya 6.00 unapata hisa 10,000. Kwa mnunuzi mdogo, ada ya dalali pamoja na tozo za soko hukaribia asilimia 2, unapoingia na unapotoka. Tuchukue asilimia 2 kamili. Ukinunua unalipa 1,200 juu ya pesa zako. Utabiri ukitimia na ukauza kwa 6.80, unapokea 68,000 ukikatwa 1,360. Faida iliyoonekana kuwa 8,000 imebaki 5,440. Utabiri ukifeli, bei ikarudi 5.20 na ukakubali kutoka, unapokea 52,000 ukikatwa 1,040. Hasara iliyoonekana kuwa 8,000 imekuwa 10,240. Ona kilichotokea: bila ada, kupata na kukosa vilikuwa sawa. Kwa ada, hasara moja inakula karibu faida mbili. Lazima W ifaulu takriban mara 65 katika 100 ndipo usipoteze kitu, na hapo bado hujapata hata senti. Aliyekutumia picha hana ushahidi wa mara 65. Hana ushahidi wa mara yoyote.

Tena hesabu hiyo inachukulia kwamba utauza kwa bei uliyoipanga. Katika hisa isiyo na wanunuzi wengi, anayetaka kununua anaweza kuwa anahitaji hisa 1,500 tu kwa 5.20, wengine wako 5.00 na 4.90. Bei ya hisa Nairobi hairuhusiwi kushuka zaidi ya asilimia 10 kwa siku, na watu hudhani hiyo ni kinga. Siku mbaya maana yake ni foleni ya wauzaji kwenye kikomo na hakuna anayenunua, wewe ukiwa ndani ya foleni. Hata ukifaulu kuuza, pesa hufika siku ya tatu ya kazi.

Ukitaka kuona umbo lisilo na sababu linavyoweza kumpeleka mtu, usiende mbali. Uliza jamaa zako wa Bungoma waliokuwa wakipeleka miwa Mumias. Kampuni ya Sukari ya Mumias iliuza hisa kwa umma mwaka 2001 kwa shilingi 6.25, ikapanda sana miaka iliyofuata, kisha ikaanza kuteremka. Katika mteremko huo wa miaka, bei ilisimama na kuinuka mara nyingi, na kila iliposimama kulikuwa na watu walioona chini ya bonde wakanunua. Kampuni iliingia kwenye hasara mfululizo kuanzia mwaka wa fedha wa 2013. Septemba 2019 benki ya KCB iliyokuwa ikiidai iliteua msimamizi wa kushika mali zake, na biashara ya hisa zake ikasimamishwa zikiwa na bei ya chini ya senti 50. Habari ya kweli haikuwa kwenye chati. Ilikuwa kwa mkulima aliyengoja malipo ya miwa miezi na miezi, na kwenye vitabu vya hesabu ambavyo kampuni ililazimika kuvichapisha.

Kwa hiyo fanya hivi. Tafuta taarifa ya mwisho ya fedha ya kampuni hiyo. Zote zilizoorodheshwa huchapisha ya nusu mwaka na ya mwaka mzima. Tazama kama faida inapanda, kama pesa taslimu kutoka kwenye biashara ni chanya, kama deni linakua haraka kuliko mauzo. Angalia pia tarehe ya kufungwa kwa rejista ya mgao wa faida. Hisa kwa kawaida hushuka ikishapita tarehe hiyo, kwa sababu anayenunua baadaye hapati mgao, na mguu mmoja wa W unaweza kuwa ni hilo tu. Kisha angalia kama huyo mshauri ana leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, na kama tayari anazo hisa hizo. Aliyenunua jana katika hisa isiyo na wanunuzi anawahitaji ninyi leo ili apate wa kumuuzia.

Na zile 60,000 si pesa za bure. Kwa bei ya ruzuku ya shilingi 2,500 iliyotangazwa mwaka 2023, ni mifuko 24 ya mbolea, nawe unapanda mwisho wa Machi mvua ikianza. Pesa yenye tarehe ya karibu hivyo haifai kwenye hisa, hata kampuni ikiwa nzuri. Ukivuna na ukabaki na kiasi usichokihitaji kwa miaka mitatu au minne, na hesabu za kampuni zikakuridhisha, mpe dalali bei yako ya juu kabisa ya kununulia na siku ambayo oda itaisha. Usimwambie anunue kwa bei yoyote iliyopo sokoni. Tangu Agosti 2025 unaweza kununua hata hisa moja Nairobi, kwa hiyo hakuna anayekulazimisha kuanza na elfu kumi.

Nitumie jina la kampuni. Picha haikulitaja.