Moja Yenye Mkono, Saba Yenye Mkanda

Mzigo wa Lubumbashi unaposhuka bandarini Dar es Salaam, namba ya kontena huwa imepita mikononi mwa watu kadhaa kabla ya kumfikia wakala wa forodha. Mwenye mali aliiandika kwenye daftari huko Kongo, karani wake akaipiga picha, picha ikatumwa kwa simu, na sasa wakala anainakili kwenye fomu. Ni herufi nne na tarakimu saba tu. Lakini hapo ndipo moja inapogeuka saba, na mfumo ukajibu kwamba kontena hilo halipo, au mbaya zaidi, ukaleta la mtu mwingine.

Chanzo ni darasa la kwanza. Kongo, Burundi na Rwanda zilisomeshwa mwandiko wa Wabelgiji, ambao ni ule ule wa Ufaransa, Ujerumani na sehemu kubwa ya Ulaya bara. Kenya na Tanzania zilipokea zaidi mwandiko wa Waingereza. Kwa Mwingereza, moja ni kijiti kilichosimama, na saba ni mstari wa juu wenye mguu wa kushuka. Ulaya bara, moja ina mkono: kalamu huanzia chini kushoto, hupanda kwa mshazari hadi kileleni, kisha hushuka wima. Wapo wanaouanzisha mkono huo karibu kabisa na mstari wa chini, na moja ikaonekana kama paa la kibanda. Kwa kuwa moja ya namna hiyo inafanana na saba, saba nayo ikafungwa mkanda, yaani kistari kifupi kinachokata mguu wake katikati. (Anayefungua majalada ya utawala wa Kijerumani yaliyomo kwenye Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, atakutana na moja hizo hizo zenye mikono mirefu.)

Kosa basi huenda pande zote mbili. Mtu wa Dar es Salaam akiona moja yenye mkono huisoma saba. Mtu wa Bukavu akiandikiwa saba isiyo na mkanda huisoma moja, maana kwake saba isiyokatwa si saba.

Ukitaka kuzitenganisha, usianze na mkanda. Mkanda ni mwepesi kupotea: picha ikiwa na ukungu hauonekani, na daftari likiwa la vyumbavyumba, mstari wa karatasi hupita katikati ya tarakimu ukajifanya mkanda. Hata mkunjo wa karatasi umewahi kumvika moja mkanda ambao mwandishi hakuuchora. Anza na mstari wa juu. Kwenye saba, kalamu ilianzia juu kushoto ikaenda kulia, kwa hiyo mstari huo umelala, au umepinda kidogo tu. Kwenye moja, ilianzia chini ikapanda. Tazama ncha ya kushoto kabisa ya tarakimu: ikiwa imelingana na kilele, hiyo yaelekea kuwa saba, ikiwa chini ya kilele kwa umbali unaoonekana, hiyo ni moja. Kistari kilicholala chini kabisa, mguuni, si mkanda. Hicho ni kikalio ambacho wengine huiwekea moja.

Halafu usiihukumu tarakimu moja peke yake. Tafuta kwenye karatasi hiyo hiyo mahali ambapo jibu linajulikana. Namba ya simu ya Burundi huanza na 257, kwa hiyo tarakimu ya tatu hapo ni saba, hata iwe imechorwa vipi. Tarehe ya mwezi wa Desemba, ikiandikwa kwa tarakimu, ina moja. Ukishaiona saba ya mtu huyo ina mkanda, zile zisizokuwa nao zina kila dalili ya kuwa moja, mradi mwandiko ni wake peke yake. Karani akiongeza mstari wake chini ya ule wa bosi, kanuni ya bosi haimhusu karani.

Namba ya kontena ina ulinzi mwingine ambao wengi huuona kila siku bila kuutumia. Tarakimu ya saba, ile ambayo kwenye mlango wa kontena mara nyingi huzungushiwa kisanduku, si sehemu ya hesabu ya makontena. Imekokotolewa kutokana na zile kumi zinazoitangulia, na kazi yake ni kukamata makosa ya kunakili.

Tuseme karatasi inasema CSQU, kisha 4, kisha tarakimu yenye utata, kisha 7205, na mwisho 6. Je, ni 417205 au 477205? Kila herufi ina thamani yake. Hesabu huanza na A yenye 10 na kupanda moja moja, ila 11 na 22 na 33 hurukwa. Kwa hiyo C ni 13, S ni 30, Q ni 28 na U ni 32. Ya kwanza huzidishwa kwa 1, ya pili kwa 2, ya tatu kwa 4, na kuendelea hivyo kwa kuongeza maradufu hadi ya kumi, ambayo huzidishwa kwa 512. Herufi hizi nne zinatoa 441. Tukiisoma tarakimu yenye utata kuwa moja, jumla yote inafika 3801. Gawanya kwa 11, baki ni 6, sawa na ile ya kwenye kisanduku. Tukiisoma saba, jumla ni 3993, ambayo hugawanyika kwa 11 bila baki. Kisanduku kingekuwa na 0. Basi ni moja.

Hesabu hii hukamata karibu kila mara moja ikisomwa saba mahali pamoja. Mara nyingi hukamata pia pale moja na saba zinapobadilishana nafasi. Lakini ina tundu. Katika zile tarakimu sita, ikiwa ya kwanza na ya sita zote ni moja na wewe ukazisoma zote saba, nyongeza inayoingia kwenye jumla ni 3168, na 3168 ni 11 mara 288. Baki haibadiliki hata kidogo, na kisanduku kitakukubalia namba ya uongo. Nafasi hizo mbili zikiwa na utata wa aina moja, hesabu haisaidii. Tazama hati ya shehena au mpigie mwenye mali. Ukimpigia, usimuulize, “Papa, hii ni saba?” Mtu mwenye haraka hujibu ndiyo. Mwambie akusomee namba yote kutoka kwenye daftari lake, wewe ukifuata kwa kidole.

Namba za simu hazina kisanduku. Tanzania kuna nafuu kidogo, kwa sababu simu za mkononi huanza na 06 au 07, kwa hiyo 01 inajisema yenyewe kuwa imekosewa. Kenya nafuu hiyo haipo tena: 07 na 01 zote ni za simu za mkononi, na namba inayoanza na 0111 na ile inayoanza na 0711 zote zinaweza kuwa na wenyewe. Kabla ya kutuma pesa, soma jina linalotokea kwenye skrini.

Na unapoandika wewe, ifunge saba mkanda, lakini moja iache kijiti kitupu bila mkono. Mchanganyiko huo haufundishwi Brussels wala London, ila unasomeka Bukavu na unasomeka Kariakoo.