Mwaliko wa Warsha: Nani Analipa Nini?

Mialiko mingi ya warsha huharibika kwenye sentensi moja: "Gharama zako zote zitalipwa." Mwenyeji anakusudia tiketi ya ndege na hoteli. Mgeni anaelewa kwamba viza, bima na teksi vimo pia. Warsha ikishakwisha, mhasibu anakataa risiti za bima na teksi kwa sababu hazimo kwenye bajeti, na watu waliotaka kuandika makala pamoja wanaanza kuoneana haya.

Tuseme mhadhiri wa isimu aliyeko Unguja anamwalika mwenzake wa Leipzig, Ujerumani, kwenye warsha ya siku tatu, kuanzia Jumatatu tarehe 8 hadi Jumatano tarehe 10 Juni 2026. Warsha ni siku tatu, lakini mgeni atalala usiku nne, kwa kuwa atafika Jumapili na kuondoka Alhamisi. Barua pepe inayotaja siku za warsha peke yake humwacha akikisia hizo nyingine. Tarehe nazo ziandikwe kwa jina la mwezi, maana 8/6 kwa Mmarekani ni tarehe 6 Agosti. Saa zinataka uangalifu zaidi: mtu aliyezoea Kiswahili ataandika kwamba ufunguzi ni saa 3 asubuhi, na mgeni anaweza kuamka usiku wa manane. Ni salama kuandika 09:00, kwa saa za Afrika Mashariki, ambazo mwezi Juni huwa mbele ya Ujerumani kwa saa moja.

Baada ya hapo ndipo fedha. Aya yake inaweza kusomeka hivi:

"Chuo kitakununulia tiketi ya ndege ya daraja la kawaida kutoka Leipzig hadi Zanzibar na kurudi. Hoteli tutailipa sisi moja kwa moja kwa usiku nne, kuanzia tarehe 7 hadi 11 Juni, pamoja na kifungua kinywa. Chakula cha mchana kitaandaliwa ukumbini, na kwa chakula cha jioni utapewa posho. Viza na bima ya kuingia Zanzibar utalipia mwenyewe kwanza. Tutakurudishia fedha hizo hapa Unguja ukituonyesha risiti. Ukiongeza siku za mapumziko au ukifuatana na mtu, gharama hizo zitakuwa zako."

Neno linalobeba uzito hapo ni "kitakununulia". Pangeandikwa "tutagharamia nauli", mgeni angeweza kungoja atumiwe tiketi huku chuo kikingoja anunue na kuleta risiti. Wiki zinapita, bei inapanda. Na kama ni lazima mgeni atangulize fedha zake, aambiwe kiwango cha juu atakachorudishiwa, kwa sarafu gani, na nani atabeba makato ya benki. Mwanafunzi wa uzamivu huenda asiweze kabisa kutanguliza nauli, na ni haki yake kulijua hilo kabla hajakubali.

Bima nayo isisahaulike. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, wageni kutoka nje wanaoingia Zanzibar hutakiwa kuwa na bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, ambayo ilianza kwa dola 44 za Marekani. Bima ya safari aliyoikata Ujerumani haichukui nafasi yake. Asipoambiwa mapema, ataijua akiwa amechoka, amesimama uwanjani na mizigo yake.

Njia ya ndege ina jambo lake. Ujerumani haimo katika nchi zenye hatari ya homa ya manjano, lakini Ethiopia imo. Mgeni akikaa uwanja wa Addis Ababa kwa zaidi ya saa 12 akisubiri ndege ya kuunganisha, anaweza kudaiwa cheti cha chanjo akifika, na cheti hicho huanza kutumika siku 10 baada ya kuchanjwa. Kwa hiyo anayekata tiketi aangalie muda wa kusubiri, si bei peke yake.

Kwa ajili ya viza, barua pepe haitoshi. Iambatanishwe barua rasmi ya PDF yenye nembo, muhuri na sahihi, ikitaja jina la mgeni kama lilivyo kwenye pasipoti yake, tarehe, mahali atakapolala na anayelipa. Mwenyeji aulize kwanza Idara ya Uhamiaji ni aina gani ya viza inayofaa, hasa kama mgeni atafundisha au kulipwa. Kisha ampe anwani yenyewe ya maombi, visa.immigration.go.tz, kwani zipo tovuti nyingine zinazoomba viza kwa niaba ya watu na kutoza zaidi.

Mwishoni mwa barua mgeni aombwe kujibu kufikia tarehe iliyotajwa, akitaja jina lake la kwenye pasipoti, uwanja atakaoanzia safari na vyakula asivyokula. Pasipoti ikaguliwe wakati huohuo: inapaswa kuwa na angalau miezi sita ya uhai, na kuipata mpya kunaweza kuchukua wiki kadhaa.