Dosie ya shindano la biashara: namna ya kujieleza bila kuongeza chumvi

Mashindano ya mipango ya biashara, kama lile la COPA ambalo vijana wa Goma wanalijua, huwa yanaomba mushindani ajieleze kwa maneno machache. Wengi wanaanguka hapo. Tuchukue mfano wa dada mmoja wa Beni anayetengeneza sabuni ya mawese nyumbani. Mara ya kwanza aliandika hivi: «Mimi ni kijana mwenye maono, nimeteka soko la sabuni hapa Beni, nimeinua mamia ya akina mama.»

Juri ikisoma hivyo itauliza tu: mamia gani? Na yeye hana jibu, kwani kwa kweli anasaidiwa na mdogo wake peke yake.

Tulimwomba afungue daftari yake ya mauzo. Humo mlikuwa habari nzuri kuliko ile aliyoitunga. Akaandika upya:

«Nilianza mwezi wa tatu na dola 60 za likelemba. Kilo 10 za mawese zinanipa vipande 80 vya sabuni. Mwezi wa kwanza nilipika mara moja, sasa napika mara 4 kwa mwezi. Mabutike 14 yamenunua, 9 yamerudi kununua tena. Mwezi uliopita niliuza vipande 320 kwa franka 800 kimoja, ni 256.000. Mawese, soda, mifuko na usafiri vilikula 181.000, ikabaki 75.000. Humo sijajilipa mushahara. Mwezi wa nne sabuni ya mara moja ilikataa kukauka, sababu nilikuwa napima soda kwa kijiko. Nikanunua mizani. RCCM sina bado, nimeanza kuitafuta.»

Angalia ile ya mabutike 9. Mutu anaweza kununua mara ya kwanza juu ya huruma ao ujirani. Akirudi, ni sabuni yenyewe imemrudisha. Hiyo ndiyo inaonyesha biashara imeanza kushika, hata kama ni ndogo. Tena hakuchanganya mauzo na faida. Wengi wangeandika «nimepata 256.000» na kunyamaza. Siku ya mahojiano juri ikiuliza bei ya mawese, hesabu yote ingevunjika.

Ile sabuni iliyoharibika alitaka kuifuta, akaona haya. Tulimwambia aiache. Soda ikipungua, sabuni inabaki laini. Ikizidi, inachoma mikono. Kwa hiyo ile mizani inaonyesha kwamba alitafuta sababu na akaiona, bila kuandika popote kwamba yeye ni mwenye bidii.

Kuhusu RCCM, kuandika «niko nayo» wakati hauna ni hatari, kwa maana ni karatasi ya kuombwa na kuonwa. Hesabu nazo zinatafutiwa alama: daftari yenye tarehe, mesaji za M-Pesa ao Airtel Money, namba za simu za wenye mabutike waliokubali kuulizwa. Yule dada aliposhindwa kupata alama ya butike moja, aliitoa. Zilikuwa 15, zikabaki 14.