Kuchagua Diski ya Nje ya PlayStation 5

Mchezo mmoja wa PlayStation 5 waweza kuchukua gigabaiti 100 au zaidi, hivyo nafasi ya ndani ya mashine hujaa upesi. Mtumiaji anapokwenda dukani kutafuta diski ya nje, kwanza ajiulize: michezo nitakayoihifadhi ni ya PS5 au ya PS4?

Tofauti hii ndiyo inayoamua thamani ya fedha yako. Michezo ya PS4 huchezwa moja kwa moja kutoka katika diski ya nje. Michezo ya PS5 huweza kuwekwa humo, lakini haichezwi humo. Sharti irudishwe kwanza katika nafasi ya ndani. Hata diski ya nje yenye kasi kubwa na bei ghali haiondoi sharti hilo.

Kwa hiyo, kasi ya diski ya nje hukupunguzia muda wa kuhamisha tu. Tuchukue mchezo wa PS5 wenye gigabaiti 100. Diski ya kawaida inayozunguka, ikisafirisha megabaiti 100 kwa sekunde, itauhamisha kwa takriban dakika 17. Diski ya SSD, ikisafirisha megabaiti 400 kwa sekunde, itatumia dakika 4 hivi. Ikiwa unabadilisha mchezo mara moja kwa mwezi, diski inayozunguka yatosha, nayo hukupa nafasi kubwa zaidi kwa bei ileile. Ikiwa unacheza sana michezo ya PS4, SSD itakufaa, kwa kuwa michezo hiyo itafunguka haraka zaidi.

Anayetaka nafasi zaidi ya kuchezea michezo ya PS5 yenyewe hahitaji diski ya nje. Anahitaji SSD ya aina ya M.2, ambayo hufungwa ndani ya mashine. Muuzaji akikuambia kuwa SSD ya USB itafanya kazi hiyo, usikubali.

Soma maandishi ya boksi kabla ya kulipa. PS5 hupokea diski ya nje yenye gigabaiti 250 hadi terabaiti 8, inayotumia USB 3.0 au toleo la baadaye. Diski ya USB 2.0 itakataliwa.

Ukifika nyumbani, chomeka diski katika tundu la USB lililo nyuma ya mashine, wala usipitishe waya katika kigawanyo cha USB. Kisha fungua Settings, halafu Storage, uchague USB Extended Storage, na uagize mashine iiandae diski. Tahadhari: hatua hiyo hufuta kila kilichomo. Picha na nyaraka za familia zinakiliwe kwanza mahali pengine, kwa maana baada ya hapo diski hiyo itatumika kwa michezo pekee.