Mita Moja Kabla ya Mlango

Polisi nchini Uingereza walipata fununu kwamba ofisi moja ndogo ya posta ingevamiwa. Wakajibanza, wakasubiri. Mtu waliyemshuku alionekana akizungukazunguka eneo lile, amevaa helmeti ya pikipiki na glavu, mfuko wake ukining'inia kama uliobeba kitu kizito. Akaondoka, kisha baada ya muda akarudi. Alipobakiza kama mita moja kuufikia mlango wa posta, wakamdaka. Alikuwa na bastola bandia pamoja na kikaratasi cha vitisho cha kumpa karani wa dirishani. Alikiri kwamba alikuwa amepanga kuvamia, ila alidai kwamba alikuwa ameshaghairi na alikuwa anairudia pikipiki yake.

Alitiwa hatiani kwa kujaribu kufanya unyang'anyi, akakata rufaa, na Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Uamuzi huo uliripotiwa mwaka 1991, na hadi leo wanafunzi wa sheria huusoma huku wakitikisa vichwa. Mtu ana silaha, ana barua, ana nia aliyoikiri kwa kinywa chake, na yuko mlangoni. Walitaka afanye nini zaidi?

Walitaka aingie. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1981 inasema kwamba mtu anajaribu kutenda kosa pale anapofanya, kwa nia ya kulitenda, kitendo ambacho ni zaidi ya maandalizi tu. Unyang'anyi ni wizi unaoambatana na nguvu au vitisho dhidi ya mtu, na mshtakiwa huyu hakuwa amemfikia mtu yeyote wa kumtisha. Karani hakuwa amemwona. Kikaratasi kilikuwa hakijatoka mfukoni. Kwa macho ya majaji, kila alichokifanya kilikuwa cha kujiweka tayari, na kazi yenyewe ilikuwa haijaanza.

Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea tunapoitazama sheria hii. Tunapima uovu wa moyo, au wingi wa jasho lililomtoka mtu akijiandaa. Mahakama inapima kitu kingine: kitendo cha mwisho alichokifanya kilikuwa karibu kiasi gani na kosa lenyewe. Mtu anaweza kupanga kwa mwaka mzima, akanunua kila kifaa, na bado akawa upande huu wa mstari. Mwingine anaweza kuuvuka kwa sekunde chache.

Kesi nyingine ya miaka hiyohiyo inauonyesha mstari huo vizuri zaidi. Mwanamume mmoja alishikwa na wivu baada ya mwanamke aliyekuwa na uhusiano naye kumpenda mtu mwingine. Akanunua bunduki, akakata mtutu wa mojawapo ili uwe mfupi. Asubuhi moja akamvizia mpinzani wake alipokuwa amempeleka mtoto shuleni, akaruka ndani ya gari lake, akaketi kiti cha nyuma akiwa na helmeti kichwani, akaitoa bunduki iliyojaa risasi na kumwelekezea. Wakapambana. Mwenye gari akafanikiwa kuinyang'anya bunduki na kuitupa nje ya dirisha.

Wakili wake alikuja na hoja ya kuvutia. Bunduki ilikuwa bado imefungwa kwa kizuizi cha usalama. Ili auwe, mteja wake alikuwa na mambo matatu bado: kukiondoa kizuizi, kuweka kidole kwenye kifyatulio, na kukivuta. Ikiwa hatua tatu nzima zimebaki, vipi iitwe kujaribu kuua? Mahakama ikaikataa hoja hiyo mwaka 1990. Ikasema kununua bunduki, kukata mtutu, kuijaza risasi, kujificha uso na kwenda hadi shuleni, yote hayo yanaweza kuitwa maandalizi. Lakini alipoingia garini na kumwelekezea mtu bunduki yenye risasi, kulikuwa na ushahidi wa kutosha kwamba maandalizi yameisha. Sheria haimtaki mtu awe amefika kwenye tendo la mwisho kabisa. Kama ingekuwa hivyo, polisi wangelazimika kusubiri mlio wa risasi.

Ziweke kesi hizo mbili pamoja uone zinapotofautiana. Wote wawili walikuwa na silaha, ingawa moja ilikuwa ya bandia, na wote walijificha nyuso na kwenda hadi mahali palipokusudiwa. Mmoja alikabiliana na mlengwa wake, mwenzake hakufika. Mwaka 1996 Jaji Bingham, akiamua kesi ya mtu aliyekutwa katika vyoo vya shule akiwa na kisu, kamba na gundi ya utepe, aliliweka swali hilo kwa namna ambayo mahakama zimeendelea kuitumia: je, mshtakiwa alikuwa ameanza kweli kujaribu kutenda kosa, au alikuwa amejiandaa tu na kujiweka mahali pa kulitendea? Kwa kuwa hakuwa amemkaribia mwanafunzi yeyote, hukumu ya kujaribu kumteka mtu ilitenguliwa. Binafsi naona uamuzi huo ulikuwa mkali kwa wazazi, ingawa najua ni vigumu kutaja kitendo ambacho tayari kilikuwa utekaji ulioanza.

Kwetu maneno ya sheria ni tofauti kidogo. Kifungu cha 388 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, ambacho kwa Tanzania kimejulikana kama cha 380, kinamhesabu mtu kuwa amejaribu kutenda kosa anapoanza kuitekeleza nia yake kwa njia zinazofaa kuitimiza, na kuidhihirisha kwa kitendo kilicho wazi. Neno lenye uzito hapo ni kuanza. Chukua kijana anayetaka kuvunja duka usiku. Kununua mkasi mkubwa wa kukatia vyuma si kuanza. Kupita mchana kuangalia mlinzi analala wapi si kuanza. Lakini akiinama mlangoni saa nane usiku na kuubana mkasi kwenye kufuli, nia yake inasomeka bila yeye kuulizwa.

Na hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui. Kijana huyo akishaubana mkasi, kisha roho ikamsuta, akauacha na kwenda kulala, kosa la kujaribu limeshatendeka. Vifungu vyetu vinasema wazi kwamba haijalishi aliacha kwa hiari au alizuiwa, isipokuwa linapokuja suala la adhabu. Vilevile hajinasui kwa kusema duka lilikuwa tupu, ikiwa yeye hakujua. Toba ya kabla ya mstari humwondoa mtu kwenye kosa hili. Toba ya baada yake humpunguzia kifungo tu. Nchini Kenya, pasipo adhabu mahususi, kujaribu hubeba nusu ya adhabu ya kosa lenyewe, na isiyozidi miaka saba ikiwa kosa hilo lina adhabu ya kifo au kifungo cha maisha. Kujaribu kuua kuna kifungu chake, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha maisha.

Anayekamatwa upande wa maandalizi si lazima arudi nyumbani akipiga mluzi. Yapo makosa yaliyotungwa kwa ajili yake: kula njama na wenzake, kumiliki silaha kinyume cha sheria, na nchini Kenya kukutwa na silaha au vifaa vya kuvunjia nyumba katika mazingira yanayoashiria maandalizi ya kosa kubwa. Mwendesha mashtaka mwerevu huchagua mojawapo ya hayo badala ya kung'ang'ania kujaribu na kuanguka kwenye rufaa.

Kwa hiyo, ikiwa wewe au ndugu yako mnasomewa shtaka la kujaribu, isomeni hati ya mashtaka mpaka sehemu ya maelezo ya kosa. Tafuteni kitendo kilichotajwa. Ikiwa kilichoandikwa ni kwamba alikutwa mahali fulani akiwa na kitu fulani na hakuna zaidi, mwonyesheni wakili mstari huo kabla ya jambo lingine lolote.