Mto Usio na Samaki?

Kidokezo kinasema: "Mto usio na samaki?" Visanduku ni vitano. Aliyekulia Tanzania hahitaji kufikiri sana, anaandika RUAHA. Herufi ni tano kamili, na maana inaonekana kukaa, kwa sababu Ruaha Mkuu kwa miaka mingi umekuwa ukikauka sehemu zake wakati wa kiangazi, na mto mkavu hauna samaki. Baada ya muda neno linaloshuka linapita kwenye kisanduku cha mwisho kwa herufi A. Imani inaongezeka. Kisha neno jingine linashuka kupitia kisanduku cha kwanza, nalo linadai T. Sasa pembe nzima ya mraba imekwama, na mjazaji anaanza kufuta maneno yasiyo na kosa ili kuiokoa Ruaha.

Jibu ni TAKIA, ule mto mkubwa wa kuegemea sebuleni. Kidokezo hiki nimekitunga mwenyewe kwa ajili ya makala haya, lakini mtego wake ni wa zamani. Aliyenaswa hakukosa msamiati wala jiografia. Alisoma maneno manne akaacha kusoma ile alama ndogo iliyoyafuata.

Watu wengi huichukulia alama ya kuuliza kama inavyotumika kwenye barua au gazeti, kwamba mtunzi anauliza. Lakini ukiangalia vizuri, vidokezo vyote ni maswali. "Mji mkuu wa Burundi" ni swali, na hakuna anayeuwekea alama. Kwa hiyo inapotokea, ina kazi nyingine. Inamwambia mjazaji kwamba maana iliyomjia kwanza siyo inayotakiwa, na kwamba maneno haya yamechezewa.

Kawaida hii imekomaa zaidi katika chemshabongo za magazeti ya Kimarekani. Mraba wa kwanza wa aina hii ulitungwa na Arthur Wynne na kuchapishwa katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, na vidokezo vyake vilikuwa maelezo ya kawaida kama ya kamusi. New York Times lilianza kuchapisha chemshabongo mwaka 1942. Will Shortz alipokuwa mhariri wake mwaka 1993, mchezo wa maneno ulipata nafasi kubwa zaidi. Kadiri vidokezo vya mzaha vilivyozidi, ndivyo wajazaji walivyohitaji kujua ni kipi cha kusoma kama kamusi na kipi cha kusoma kwa jicho la pembeni.

Kwetu kazi hiyo inafanywa na sauti. Mtu akisema "Kitendawili!" na wenzake wakajibu "Tega!", kila aliyekaa pale anajua kwamba nyumba itakayotajwa huenda ikawa yai. Tofauti ni kwamba mtega kitendawili hutangaza mapema, tena kwa fumbo zima. Mraba wa kawaida wa siku za kazi katika New York Times una visanduku 15 kwa 15, na maneno yake hayazidi 78. Mengi kati ya hayo ni maelezo ya moja kwa moja, na machache tu ndiyo yenye alama. Mjazaji analazimika kubadili usomaji katikati ya njia, kisha arudi kwenye usomaji wa kawaida kidokezo kinachofuata. Ndiyo maana alama hupitwa kirahisi, kwa kuwa huja mwishoni, wakati akili imekwisha kuchagua jibu.

Kuna jambo ambalo hata wajazaji wa siku nyingi hulichanganya. Neno kuwa na maana mbili hakutoshi kulipa alama ya kuuliza. Chukua kidokezo "Hupanda minazi", visanduku saba. Wengi watafikiria mkwezi, yule anayepanda juu kuangua nazi au kugema tembo, ila MKWEZI ina herufi sita. Jibu ni MKULIMA. Hapa mtunzi ametumia maana mbili za kitenzi "panda", na zote mbili zimo kwenye kamusi. Mkulima hupanda minazi kwa maana halisi kabisa. Mtunzi amekuficha, lakini kila alichokiandika ni kweli bila kunyooshwa, na hana haja ya kukuonya.

Sasa badilisha kidogo: "Hupanda bila ngazi?" Visanduku ni vilevile saba na jibu ni lilelile, MKULIMA. Safari hii alama inahitajika. Kwa nini? Kwa sababu "bila ngazi" haimweleze mkulima kwa lolote. Hakuna kamusi itakayosema kwamba mkulima ni mtu apandaye bila ngazi. Maneno hayo mawili yamewekwa kukupeleka juu ya mnazi, na yanakuwa ya kweli kwa mzaha tu, kwamba kweli, afukiaye mbegu hahitaji ngazi. Maelezo yamevutwa kupita kiasi chake, na alama ya kuuliza ndiyo risiti ya mvuto huo. Anayeiona anatakiwa kujua kwamba kuna sehemu ya kidokezo isiyoeleza jibu bali inayolisindikiza.

Nikifika kwenye kidokezo cha namna hii sijazi chochote kwanza, hata kama jibu limenijia. Katika mraba wa Kimarekani kila kisanduku hupitiwa na maneno mawili, moja la kulala na moja la kushuka, hivyo herufi zitapatikana kwa njia nyingine. Tuseme majirani wamenipa M mwanzoni na L katikati, kwenye kisanduku cha nne. Sasa ninaanza kushuku maneno, moja baada ya jingine. "Ngazi" ina maana gani nyingine? Kuna ngazi ya cheo, lakini hainipeleki popote. "Bila" haina siri. Inabaki "hupanda". Bei hupanda, homa hupanda, msafiri hupanda basi, mtu hupanda mbegu. Kati ya hizo nne, ni ya mwisho tu inayonipa neno la herufi saba lenye M mwanzo na L katikati. Kabla ya kuandika ninalirudisha jibu ndani ya kidokezo: mkulima hupanda bila ngazi. Sentensi inasimama, na ule mzaha unachekesha. Kama inasimama lakini haina mzaha wowote, kuwa na shaka. RUAHA ilisimama vizuri kabisa, lakini haikuwa na mchezo ndani yake, na hilo peke yake lilitosha kumzuia mjazaji asiandike kwa wino.

Alama haibatilishi sheria nyingine. Kidokezo kikiwa nomino, jibu nalo ni nomino. Kikiwa cha wingi, jibu ni la wingi. Kitenzi cha wakati uliopita kinajibiwa kwa wakati uliopita. Kinacholegezwa ni maana tu, sarufi inabaki palepale.

Na hapo ndipo Kiswahili kinapomsumbua mtunzi kuliko Kiingereza. Tuna maneno mengi yenye sura moja na maana mbili, lakini ngeli huvujisha siri. Paa wa mwituni anakimbia, paa la nyumba linavuja. Mtunzi akiandika "Paa asiyekimbia?" akitaka jibu la nyumba, amesema uongo, kwa sababu paa la nyumba haliwezi kuchukua "a-". Akiandika "Paa lisilokimbia?" amekwisha kutoa jibu, mtego umefyatuka kabla ndege hajatua. Ni hivyohivyo kwa kaa wa baharini na kaa la moto, kwa ua la bustanini na ua wa nyuma ya nyumba. Mto wa maji na mto wa kulalia unafaa kwa sababu yote miwili imo katika ngeli moja, kwa hiyo "usio" inavaa kote. "Hupanda" inafaa kwa sababu kiambishi "hu-" hakibadiliki kwa ngeli yoyote, kiwe cha mtu, mti au bei. Ukikutana na kidokezo chenye alama ya kuuliza na kitenzi kinachoanza kwa "hu-", mtunzi huenda amekichagua makusudi ili asijifichue. Mimi huanza kushuku hapo.

Katika chemshabongo za mafumbo za Kiingereza, zile zinazopendwa Uingereza, alama hiyohiyo ina kazi pana zaidi. Huko karibu kila kidokezo kina hila, hivyo kutangaza hila tu kusingesaidia kitu. Mara nyingine alama huonyesha kwamba kidokezo kizima ni maelezo moja ya kichekesho, bila ile nusu ya pili ya kupanga au kuchanganya herufi ambayo kwa kawaida huwamo. Mara nyingine humaanisha "kwa mfano". Ukiona "Pilau?" na visanduku saba, jibu laweza kuwa CHAKULA. Kila pilau ni chakula, ila si kila chakula ni pilau, na mtunzi mwenye adabu anakiri kwamba ameeleza kitu kizima kwa kutaja kimoja tu cha jamii yake. Wamarekani kwa hali kama hiyo hupenda kuandika wazi kwamba ni mfano, na alama wakaiachia mzaha.

Ipo pia alama ya kuuliza isiyo na hila hata kidogo. Kidokezo kikiwa ndani ya alama za kunukuu, kwa mfano "U hali gani?", hayo ni maneno ya mtu anayezungumza, na jibu ni kauli nyingine yenye maana ileile, kama HUJAMBO. Alama hapo ni ya sentensi yenyewe. Kwa hiyo, kabla ya kuanza kuchimba maana ya pili, tazama kama imefungiwa ndani ya nukuu.

Kinachobaki kigumu ni pale alama isipokuwapo. Katika New York Times ugumu huongezeka kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, na njia moja ya kuuongeza ni kumnyima mjazaji onyo. Kidokezo ambacho Jumanne kingepewa alama kinaweza kuchapishwa mwishoni mwa juma bila alama. Wapo wanaolalamika, nami nakubaliana nao pale maelezo yanapokuwa yamevutwa kama yale ya ngazi, kwa kuwa hapo mjazaji hana namna ya haki ya kutofautisha mzaha na kosa. Lakini "Hupanda minazi" sina ugomvi nayo siku yoyote. Kilichoandikwa pale ni kweli tupu, na aliyemwona mkwezi amejionea mwenyewe.